Shairi la beti tisa kwa mtu wa wiki sita

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi friji mwenye umri wa miaka 29, ninaishi Kigamboni na kufanya kazi Kariakoo. Wiki sita zilizopita nilianza kuonana na binti ambaye tulifahamiana kwenye pantoni, kwa kuwa sote huvuka saa zilezile. Kilichoanzisha mazungumzo ni kwamba jioni moja, tukiwa tumesimama ubavuni, alitoa chungwa mkobani, akalimenya, akanipa nusu kubwa bila kuniuliza kama ninalitaka. Tangu hapo tumetoka pamoja mara tano.*

*Anapenda mashairi, kwani marehemu babake alikuwa akiyasikiliza redioni kila wiki na kumfundisha kuyapima. Nimeamua kumwandikia moja. Nimefikisha beti tisa, lakini kila nikizisoma ninaona aibu bila kujua kosa liko wapi, maana vina vipo na hisia ni za kweli. Nakuwekea ubeti wa kwanza:*

*Ewe malaika wangu, uliyetoka peponi,*
*Umeteka moyo wangu, nimezama mahabani,*
*Bila wewe roho yangu, itazimika mwilini,*
*Uwe wangu peke yangu, hadi tuingie kaburini.*

*Je, ni mapema mno kumpa mtu shairi? Na kama si mapema, nifanye nini ili lisionekane nimetia chumvi? Juzi nilivuka bila yeye, nikanunua chungwa, nikaligawa kabla sijakumbuka kwamba sikuwa na wa kumpa. Nadhani hali yangu unaiona.*

*Fundi wa Kigamboni*

---

Marahaba, mwanangu. Si mapema kumpa shairi. Ni mapema kumpa hilo ulilonitumia, na ile aibu unayoiona ukilisoma ni ishara njema, kwa sababu sikio lako limekwisha kugundua jambo ambalo mkono wako haujalijua.

Tazama vina vyako vya mwisho, yaani vile vya utao: peponi, mahabani, mwilini, kaburini. Kila kimoja kimeishia kwa *-ni* ya mahali, na ukivifuata kwa mpangilio wake utaona kwamba katika mishororo minne umemtoa binti wa watu peponi, ukazama, roho ikataka kukutoka, kisha mkaingia kaburini pamoja, ilhali hamjamaliza hata miezi miwili. Vina vya kati, vile vya ukwapi, vina kasoro nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Umeandika wangu, wangu, yangu, yangu. Neno ni lilelile likirudi kwa sura mbili, na maana yake ni umiliki. Mtu uliyetoka naye mara tano akisoma mara nne kwamba yeye na vilivyomzunguka ni vyako, ana haki ya kurudi nyuma hatua moja.

Sasa nikuambie kwa nini imekuwa hivyo, maana siamini kwamba wewe ni mtu wa kutia chumvi. Barua yako haina chumvi hata kidogo. Chumvi imeingia kwa njia ya umbo ulilochagua. Ubeti wa tarbia wenye mizani kumi na sita kwa mshororo unakudai vina vinane, vinne vya kati na vinne vya mwisho. Kwa beti tisa, hata ukibadilisha vina kila ubeti, umejitwisha deni la vina 72. Malenga mzoefu hulilipa deni hilo kwa msamiati wake mwenyewe. Mwanafunzi, akifika kwenye kina cha tano au cha sita akakosa neno, hukopa kwenye ghala la wote, na ghala hilo limejaa malaika, lulu, waridi, tabibu wa moyo, bahari ya huba na kaburi. Maneno hayo huingia kwa sababu yanaishia vizuri, wala si kwa sababu mwandishi aliyahisi. Kwa hiyo hisia yako ni ya kweli na maneno ni ya kuazima, na hapo ndipo aibu yako inapotoka.

Kuna na jambo dogo la ufundi ambalo binti huyu, kwa malezi uliyonieleza, atalisikia kabla hajamaliza kusoma. Mshororo wako wa mwisho umezidi. Pima kwa kupiga kofi moja kwa kila silabi: *ha-di-tu-i-ngi-e-ka-bu-ri-ni* ni mizani kumi, mahali palipotakiwa nane. Vipande vingine saba vyote viko sawa, jambo linalonionyesha kwamba kupima unajua, ila ulichoka. Wanaoanza huwa wanateleza hasa kwenye herufi *m* inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama katika *mkoba*, ambalo ni mizani tatu, *m-ko-ba*, na katika *kumpa*, ambalo nalo ni tatu, *ku-m-pa*. Kinyume chake, *chungwa* ni mizani mbili tu, *chu-ngwa*, ingawa lina herufi nyingi. Kinachopimwa ni pigo la sauti, na wingi wa herufi hauhusiki. Maneno haya matatu nimeyachagua kwa makusudi, kwa sababu tutayahitaji baada ya muda mfupi.

Ushauri wangu ni kwamba uziweke kando beti zote tisa na uchukue umbo dogo: beti mbili, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane bila kugawanywa katikati. Ni umbo la ubeti wa utenzi, ambamo mishororo mitatu ya kwanza hufanana vina na wa nne huwa na kina chake, kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti na ambacho wenye fani hukiita bahari. Sikuambii uandike utenzi, kwa maana utenzi ni kisa kirefu. Nakuambia uazime kipimo chake tu. Hapo deni lako linashuka hadi vina vinane kwa shairi zima, na mizani nane ni fupi kiasi kwamba neno la kujazia likiingia linaonekana mara moja, kama jiwe kwenye wali.

Huenda rafiki zako watakuambia uachane na vina kabisa uandike shairi huru, na mimi sina ugomvi na shairi huru. Wanamapokeo na wanamabadiliko wamekwisha kugombana vya kutosha juu ya suala hilo. Ila kwako wewe ningelikwepa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu asiye na mazoea ya kuandika, akiondolewa kipimo, huandika mengi kuliko alivyokusudia, na tatizo lako tayari ni wingi. Ya pili ni kwamba yeye alifundishwa kupima na babake. Ukimletea mizani iliyotimia, utakuwa umemwonyesha kwamba ulisikiliza aliposimulia habari hiyo, na hutahitaji kulisema hilo ndani ya shairi.

Tuje kwenye kuandika kwenyewe. Watu wengi huanza kwa kutafuta kina, na huko ndiko kupotea. Anza kwa nathari: andika sentensi mbili au tatu za jambo lililotokea kweli, bila kulipamba, kisha zipime uone kama ndani yake kuna mshororo uliokwisha kuzaliwa. Wewe kazi hiyo umeimaliza bila kujua. Umeniandikia katika barua yako *akanipa nusu kubwa*. Pima: *a-ka-ni-pa-nu-su-ku-bwa*. Ni nane kamili. Mbele kidogo umeandika *sikuwa na wa kumpa*. Pima tena: *si-ku-wa-na-wa-ku-m-pa*. Ni nane vilevile. Na ukigeuza mpangilio wa ule wa kwanza ukasema *nusu kubwa akanipa*, jambo ambalo Kiswahili kinaliruhusu bila kusitasita, mishororo yote miwili inaishia kwa *-pa*. Bahari ya shairi lako umeipata katika barua ya malalamiko. Ule uliosema *akanipa* sasa utasema *ukanipa*, kwa kuwa unamwambia mwenyewe.

Angalia pia kilichomo katika mishororo hiyo miwili kikiwekwa pamoja. Mmoja unasema alikupa. Mwingine unasema wewe ulitaka kutoa na hukuwa na wa kumpa. Kisa chote cha wiki sita kiko humo, na hakuna malaika aliyeitwa. Usidhani chungwa ni kitu kidogo mno kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anasifiwa hadi leo kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, na sokoni ndiko machungwa yaliko.

Kwa hiyo ubeti wa kwanza una mshororo wa nne tayari, na kazi ni kuutafutia mitatu ya kutangulia. Mtu wa kawaida angeanza na *Nakumbuka siku ile*, na ningemwelewa, kwa sababu mizani ni nane na inateleza mdomoni. Lakini mshororo huo hausemi kitu. Siku gani? Katika shairi la mishororo minane huwezi kuupoteza mmoja kwa kusafisha koo. Sema wakati na mahali: *Jioni kwenye pantoni*. Ni nane, na nimetumia pantoni, wala si kivuko, kwa kuwa ndivyo mnavyoiita ninyi mnaoipanda, na yeye hajawahi kukusikia ukisema kivuko labda ukiwa unamsomea tangazo.

Neno pantoni linatupa kina cha *-ni*, kilekile kilichokupeleka peponi na kaburini. Usikiogope. Kosa halikuwa la kina. Kina hicho ni mtumishi mwaminifu ukikipa mahali palipo kweli, na hapa pako pawili: pantoni na mkobani. *Ulitoa mkobani*, nane. Alitoa nini? Chungwa. Kwa mshororo wa tatu tunahitaji neno la kuishia kwa *-ni* ambalo litakuwa sifa ya kweli ya chungwa lile, na mimi nimeweka *Chungwa moja la kijani*, kwa kuwa machungwa ya Muheza yanayouzwa Dar es Salaam mengi hubaki ya kijani hata yakiwa yameiva. Lakini mimi sikuwapo. Kama chungwa lilikuwa la njano, mshororo huu hauna budi kufutwa hata kama kina kinapendeza, maana yeye alilishika mkononi na analikumbuka. Ukiruhusu uongo wa rangi kwa ajili ya kina, umerudi kulekule kwa malaika.

Msomaji mkali ataniambia kwamba mshororo wa pili ni mshata, yaani haujitoshelezi kwa maana mpaka uungane na wa tatu. Ni kweli. Wazee wetu walipenda kila mshororo usimame kwa miguu yake, na kwa kawaida nami napenda hivyo. Hapa nimeuacha kwa sababu mkono unaoingia mkobani unamfanya mtu asubiri kidogo aone kitakachotoka, na kusubiri huko kumeingia kwenye mshororo. Ukiwa na dawa bora zaidi, itumie.

Ubeti wa pili ni mwepesi zaidi kwa sababu kisa kinajiendesha. *Juzi nikavuka tena*, mizani nane. *Nawe hatukuonana*, nane, na ni Kiswahili cha mtu anayezungumza. Mshororo wa nne upo. Umebaki wa tatu, na hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo shairi linapookoka au kupotea.

Kina ni *-na*, mizani ni nane, na jambo lenyewe ni kwamba ulimkosa. Neno litakalokujia kwanza, nakuhakikishia, ni *Moyo ukauma sana*. Lipime: *mo-yo-u-ka-u-ma-sa-na*. Limetimia, kina kimetimia, na hata kisa linakifuata. Hata hivyo, liache. Kwanza, huenda si kweli. Mtu aliyevuka maji akiwa na nusu ya chungwa mkononi alijisikia mjinga kidogo na mpweke kidogo, na hilo halijafikia kuumwa na moyo. Pili, na hili ndilo kubwa, mshororo huo unamtaka yeye akuhurumie, na huruma ni mzigo kwa mtu wa wiki sita. Angelazimika kujibu jambo. Badala yake weka *Chungwa langu tamu sana*. Kina ni kilekile, mizani ni ileile, hata neno *sana* limebaki pale pale. Lakini sasa unazungumzia chungwa. Utamu wake ndio unaoonyesha kwamba kuna aliyekosekana, na yeye mwenyewe ndiye atakayefika kwenye maana hiyo bila kushikwa mkono. Kama chungwa la juzi lilikuwa baya, andika *Chungwa langu chachu sana*. Mizani haitabadilika, na nadhani atacheka.

Shairi zima, basi, linasimama hivi:

*Jioni kwenye pantoni,*
*Ulitoa mkobani*
*Chungwa moja la kijani,*
*Nusu kubwa ukanipa.*

*Juzi nikavuka tena,*
*Nawe hatukuonana,*
*Chungwa langu tamu sana,*
*Sikuwa na wa kumpa.*

Lisome kwa sauti ukiwa peke yako. Ukijikwaa mahali, pabadilishe hata kama mimi ndiye niliyepaandika, kwa sababu shairi hili halina faida likitamka kama Shangazi. Kisha fanya jaribio moja. Jiulize kama ubeti ungeweza kupewa binti mwingine yeyote aliyesimama kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni. Ule wa malaika ungemfaa kila mmoja wao. Huu ungemshangaza kila mtu isipokuwa mmoja.

Umeona kwamba sikuandika *nakupenda*. Sijui kama umekwisha kumwambia kwa mdomo. Barua yako haisemi, nami nachukulia kuwa bado. Shairi lisitangulie mdomo. Neno hilo likitokea kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, linamnyima nafasi ya kukuona usoni unapolisema, nawe unakosa kuona lilivyopokelewa. Sikuandika pia *mpenzi*, *mahabuba* wala *muhibu*. Maneno hayo ni mazuri na yana wenyewe, lakini mtu anayezungumza nawe kila jioni anajua jinsi unavyoongea, na akikuta umevaa kanzu ya maneno ya karne nyingine atajiuliza uliazima wapi. Kwa sababu hiyohiyo sikuhitaji inkisari wala mazida. Ni haki ya mshairi kufupisha na kurefusha neno ili mizani itimie, lakini katika shairi fupi kama hili neno lililokatwa mkia huonekana haraka, na huonekana kama uvivu.

Jina lake pia usiliweke. Hili ni la busara zaidi kuliko la ufundi. Karatasi hutembea. Dada yake ataisoma, au mama yake ataikuta ndani ya kitabu, na shairi la chungwa lisilotaja jina litamletea utani kidogo tu, ilhali lile la kukufanya usiishi bila yeye lingemletea maswali ambayo hajawa tayari kuyajibu. Mimi nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nililetewa shairi la beti kumi na nne na kijana mmoja mwema sana, ambaye leo ni babu wa watu. Jina langu lilikuwa katika kila kituo. Kaka zangu walilikariri lote, nami kwa muda wa mwezi mzima sikuweza kupita sebuleni. Kijana yule sikumjibu. Si kwamba sikumpenda; sikujua tu mtu anajibu vipi beti kumi na nne.

Kuhusu namna ya kumfikishia, andika kwa mkono wako kwenye karatasi moja safi, hata ya daftari la mistari, bila kuchora maua wala moyo wenye mshale. Usimtumie kwenye simu. Si kwamba simu ina ubaya, ila ujumbe wa simu humwonyesha mtumaji kwamba umesomwa, kisha pande zote mbili hubaki zikihesabu dakika za jibu. Karatasi haina habari hizo. Usimsomee wewe mwenyewe pia, na hasa usimsomee kwenye pantoni mbele ya watu na magari, kwa maana mtu anayesomewa shairi hadharani hulazimika kupanga uso wake. Mpe mnapoagana upande wa pili, umwambie ni maneno machache uliyoyaandika, uende zako. Kesho yake usimuulize alilionaje. Kama analo la kusema atasema.

Na usifuatanishe shairi na zawadi. Najua utafikiria doti ya kanga, kwa kuwa kila mwanaume wa pwani hufikia hapo. Kanga ina jina lake, yaani maandishi yake, na maandishi hayo huwa yamechaguliwa na kiwanda, si na wewe. Aghalabu yanasema mambo mazito kuliko unayotaka kuyasema sasa, na mwanamke anayeelewa kanga atayasoma kabla hajasoma karatasi yako. Itakuwa na wakati wake. Kama mkono hauwezi kwenda mtupu, unajua ni tunda gani la kununua.

Jambo la mwisho linahusu jibu. Kwa mtu aliyelelewa na mashairi ya redioni, upo uwezekano wa kweli kwamba atakujibu kwa shairi, na desturi ya kujibizana inamtaka afuate kipimo na bahari uliyoianza, yaani mizani nane na kina cha *-pa* kwenye mshororo wa nne. Akifanya hivyo, usikimbilie kumjibu usiku huohuo kwa beti nyingine kumi. Kaa nalo siku mbili tatu, na mkikutana mwambie ni mshororo gani ulioupenda. Na akikuletea ubeti ambao mshororo mmoja una mizani saba, wewe hukuona.

Shangazi